Upungufu wa Shilingi Ishirini

Mimi si mtu wa kujishusha, na kwa jambo hili sitaanza leo. Enzi ya Mwingereza, kabla wengi wa wanaonisoma hawajazaliwa, nilikuwa mweka hazina wa klabu ya akina mama ya ushoni pale Maji ya Chai. Tulikutana Alhamisi mchana kwenye darasa la shule ya misheni, watoto wakishaondoka. Tulishona magauni ya watoto na kukaanga maandazi, tukauza vyote siku ya gulio. Bibi Maendeleo, Mzungu aliyetoka boma la Arusha kila baada ya miezi kadhaa, ndiye aliyetufundisha kuandika mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na kwa sababu nina mdomo.

Mama mkwe wangu hakupenda. Mume wangu alikuwa kazini Tanga, kwa hiyo mwenye neno nyumbani alikuwa mama yake. Alijiunga na klabu ili anichunge, na hakunificha.

"Hela za watu ni moto," aliniambia. "Siku nikisikia zimepungua, hata shilingi moja, hicho kitabu utakirudisha na hapo klabu hutakanyaga tena. Sitaki jina la mwanangu litajwe gulioni."

Basi mwaka ukaisha, nikafunga hesabu, na hela zikawa zimepungua.

Nilirudia mara tatu, jibu likawa lile lile. Wanachama ishirini na watano, ada thumuni, yaani senti hamsini, kwa mwezi, ilikuwa imeleta shilingi mia moja na hamsini. Magauni na maandazi yalileta mia mbili na kumi. Jumla mia tatu na sitini. Tulichotumia ni mia tatu na themanini: vitambaa na nyuzi, unga na sukari na mafuta, nauli ya basi kwenda mjini kwa Wahindi, na shilingi mia na kumi za cherehani kuukuu tuliyoinunua kwa fundi mmoja Kalasinga. Upungufu shilingi ishirini. Tuliuziba kwa akiba ya mwaka uliotangulia, iliyokuwa sitini na nne, ikabaki arobaini na nne.

Mwenyekiti wetu, mama mpole aliyeogopa kelele kuliko alivyoogopa njaa, alikuja kwangu asubuhi ya kikao. Akahesabu kopo la kakao tulimoweka fedha, akakuta shilingi sitini na nane.

"Sasa upungufu uko wapi?" akauliza. "Si zimezidi za mwaka jana?"

Nikamweleza. Ishirini na nne kati ya hizo ni za akina mama wanne waliopata malipo ya kahawa wakalipa ada ya mwaka mzima unaokuja, shilingi sita kila mmoja. Mwaka wenyewe ulikuwa haujaanza.

Akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ziandike mwaka huu basi. Mapato yatakuwa mia tatu themanini na nne. Useme tumepata ziada ya shilingi nne, watu wapige makofi, tunywe chai. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," nikamjibu, na sauti ilinipanda. "Na mwakani wale wanne watatumia vitambaa vya klabu mwaka mzima bila ada yao kuingia, kwa kuwa tumeshaila. Shimo litakuwa kubwa zaidi. Utalifukia na nini, mama mwenyekiti?"

Akaondoka amenuna. Nilifunga zile ishirini na nne kwenye kitambaa, nikazirudisha ndani ya kopo, fundo juu ya fedha nyingine. Kisha nikapima maharage, nikachukua mabakuli matatu. Nilikuwa na hofu, nasema kweli, lakini nilikuwa na hasira zaidi, na hasira yangu huwa inanisaidia.

Darasani walikuwa wamejaa, wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nusu yao hawakujua kusoma, na wengine Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Kila nilichosema nilikitafsiri kwa Kimeru. Cherehani niliiweka mezani, imepanguswa inang'aa. Mama mkwe alikaa dawati la mbele kabisa.

"Kila punje ni shilingi mbili," nikawaambia. "Bakuli la kwanza ni akiba ya mwaka jana. Hili la pili ni zilizoingia mwaka huu. La tatu ni zilizotoka. Tuhesabu wote."

Tukahesabu kwa sauti, chai ikapoa. Vitambaa na nyuzi, punje tisini na tano. Unga na wenzake, thelathini na tatu. Nauli, saba. Nikaanza kuhesabu cherehani, punje hamsini na tano, nikafika arobaini na tano, bakuli la pili likawa tupu. Nikaligeuza kichwa chini waone.

Nikanyoosha mkono hadi bakuli la akiba, nikatoa punje kumi, moja moja, nikamalizia.

"Huo ndio upungufu," nikasema. "Shilingi ishirini. Mwaka huu tumekula zaidi ya tulichovuna, tukafungua ghala la mwaka jana. Ghala halijaisha, lakini limepungua. Na mwakani tukifanya hivi tena, litapungua tena. Ama tushone zaidi, ama tupunguze matumizi."

Mama mkwe akasimama. Nilijua atasimama.

"Nina swali," akasema kwa Kimeru. "Mimi nimelipa shilingi sita za mwaka ujao. Kama mmepungukiwa, shilingi zangu zimekwenda wapi?"

Mwenyekiti aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Mimi nikafungua kopo, nikatoa lile fundo, nikalifungua mbele ya mama mkwe.

"Hizi hapa, mama. Zako na za wenzako watatu. Hazimo kwenye bakuli lolote, kwa sababu si za mwaka huu. Hazikuguswa."

Alizihesabu zote ishirini na nne. Akazifunga tena mwenyewe, akalikaza fundo kwa meno, akanirudishia. Kisha akaenda kwenye cherehani, akazungusha gurudumu lake kwa kiganja, akarudi kukaa. Taarifa ikapokewa kwa mikono yote, na wa kwake nikauona, ingawa haukupanda juu sana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alitangulia bila kunigeukia, nami nikawaza kwamba kitabu nimekishika siku hiyo kwa mara ya mwisho.

Siku ya gulio ndipo nikajua. Nilikuwa nyuma ya mama mkwe, nimebeba ndizi, aliposimamishwa na jirani yetu muuza maharage, mwanamke asiyekuwa wa klabu lakini mwenye habari zote.

"Eti nasikia mkwe wako kazila hela za klabu?"

Mama mkwe akaketi chini taratibu, akakunja kanga yake magotini, akavuta fungu la maharage la yule mwanamke bila kuomba, akaligawa mafungu matatu.

"Hebu tazama," akamwambia. "Hii ni akiba. Hizi ziliingia. Hizi zikatoka. Cherehani ilipofika hapa, hizi zikaisha. Tukatoa kumi kule kwenye akiba. Hela zimepungua, ndiyo. Na aliyetuambia ni mke wa mwanangu."