Sauti ya Mama Kwenye Diski

Kiharusi kilipomnyang'anya mama usemi, dada yangu alileta diski ya nje dukani kwangu Machakos, ninakotengeneza kompyuta. Rekodi zote za mama akiimba Kikamba zilikuwa humo tu. Nilipoichomeka, Windows ikaandika kwamba kifaa cha USB hakijulikani, ombi la kupata maelezo yake limeshindikana.

"Labda ni tundu," dada akasema.

Nikachomeka flashi kwenye tundu lile lile, ikafunguka. Nikabadilisha kebo ya diski, ujumbe haukubadilika. Nikaondoa draiva, programu inayokiendesha kifaa, nikawasha kompyuta upya, bure. Laptop nyingine nayo ikakataa. Kila jaribio lilitusogeza karibu na jibu tuliloliogopa.

"Basi shida iko ndani ya diski yenyewe," nikamwambia.

Nikafungua kasha, nikaitenganisha diski na kibao cha saketi kinachoiunganisha na USB, nikaiunganisha moja kwa moja na kompyuta ya mezani. Ikazunguka. Mafaili yakatokea, kibao ndicho kilichokufa. Nikayanakili yote.

Jioni tulimchezea mama wimbo mmoja kwenye simu. Alisikiliza kidogo sauti aliyoipoteza, kisha akaisukuma simu mbali kwa mkono uliobaki na nguvu.