Barua Pepe ya Mbunifu na Chumba cha Mama

Ilinifikia kazini, Ruangwa, katika ile kompyuta moja tuliyokuwa tukiigombania ofisi nzima. Zilikuwa siku ambazo mtandao ulikuja asubuhi ukakatika kabla ya chai, na mtu akipata barua pepe wenzake walisimama nyuma ya kiti chake kusoma naye. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu tulioisoma, na mmoja wao alicheka.

Kichwa chake kilisema: Hongereni kwa nyumba mpya ya Nachingwea. Mwandishi alijitambulisha kuwa ni mbunifu wa mambo ya ndani ya nyumba, anaishi Mtwara, na kwamba mwezi huo angekuwa Nachingwea kwa wiki mbili kwa kazi nyingine. Alisema anwani zetu, yangu na ya dada yangu, amezipata kwenye daftari la wateja la duka tulilonunulia bati na rangi, kwa ruhusa ya mwenye duka. Alitupa nafasi ya mazungumzo ya kwanza, ya muda wa saa moja na nusu, bure, hapo hapo nyumbani. Angetembea chumba kwa chumba, angeuliza maswali, halafu angetuambia kitu kimoja au viwili vya kurekebisha. Tukipenda kuendelea angetuandikia mapendekezo na gharama, tusipopenda, basi. Mwisho aliandika hivi:

"Ningeomba wote wanaolala ndani ya nyumba wawepo, hasa yule anayeshinda nyumbani. Kama hamhitaji huduma hii, nijibuni neno moja tu, sitawasumbua tena."

Leo nikiisoma kichwani naona ni barua ya heshima. Siku ile niliona matusi matupu. Kwa ruhusa ya mwenye duka! Mimi niliandika anwani yangu kwenye lile daftari kwa herufi kubwa kuliko za wateja wote, kwa sababu ukurasa mzima ulikuwa na namba za simu tu na mimi nilikuwa na barua pepe. Nikaandika na ya dada yangu chini yake, ili mwenye duka ajue sisi ni watu gani. Sasa majivuno yale yalikuwa yamenirudia na mgeni wa Mtwara anayetaka kuniambia nyumba yangu ina kasoro.

Na nyumba ile, jamani. Tuliijenga miaka sita. Mimi karani wa halmashauri, dada yangu muuguzi wa hospitali ya Mnero. Tulifyatua tofali wenyewe, msingi ukakaa misimu miwili ukiota nyasi, majirani wakauliza kama tumehama nchi. Tulikuwa tukimjengea mama. Baba alifariki tukiwa wadogo, na mama alitusomesha kwa mikorosho na ufuta wa Lionja, kijijini kwetu, akilala kwenye nyumba ya udongo iliyovuja kila masika. Niliapa atalala chini ya bati, kwenye chumba kikubwa kuliko vyote, chenye choo chake ndani na bomba la maji. Masta, kama wanavyosema mafundi. Fundi aliuliza kama sio mimi ninayepaswa kulala pale. Nilimjibu kwa ukali kwamba aliyenizaa halali chumba cha pili.

Basi nikaandika majibu huku wenzangu wakiwa nyuma yangu. "Nyumba yangu haina kasoro. Tafuta watu wengine." Nikabonyeza, nikainuka, nikaenda kunywa chai yangu kwa raha zote.

Siku mbili baadaye ikaja ya pili, fupi. Mbunifu alisema amepokea majibu mawili kutoka kwenye nyumba moja: kaka amekataa, dada amekubali na kutaja Jumamosi. Kwa hiyo hatakuja mpaka wenyewe wawili tukubaliane, na hataandika tena tusipomwandikia.

Nilipanda gari siku hiyo hiyo mpaka Nachingwea, na kutoka hapo nikamfuata dada yangu Mnero. Nilifika na vumbi la njia mbili. Nilimkuta anafua sare zake nyuma ya nyumba za watumishi, nikaanza kusema kabla ya salamu. Nilimuuliza nani amempa ruhusa ya kualika watu kwenye nyumba yangu. Aliendelea kukamua gauni.

"Nyumba yako," alisema. "Tofali zangu mimi umezitoa lini?"

Nikapandisha sauti. Nilisema yeye anapenda mambo ya kizungu, mapazia na maua ya plastiki, na kwamba mama atadhani hatujaridhika na tulichompa. Hapo ndipo alipolitundika lile gauni na kunigeukia.

"Kaka, kuna maneno mama hawezi kukwambia wewe. Mimi nimekwambia mara mbili kwamba chumba chake hakimfai, ukaninyamazisha. Labda mgeni utamsikia."

Ni kweli alikuwa ameniambia. Mara ya kwanza nilimwambia ni wivu. Ya pili sikumsikiliza kabisa, nilikuwa naangalia rangi ya ukuta kama imekauka. Nilikubali mbunifu aje, lakini msinisifu. Nilikubali kwa sababu nilitaka kumtoa mbio mbele ya mama, nione kama dada yangu atacheka.

Jumamosi alikuja kwa miguu kutoka stendi, mwanamke wa makamo, na begi la kitambaa lenye futi ya kamba, daftari na kamera ndogo. Alimwamkia mama kwa kupiga goti kidogo. Kamera aliomba ruhusa kabla ya kuitoa. Nilimkabidhi ramani ya fundi niliyoitunza kwenye bahasha, naye akaifungua mezani, akapima mlango wa sebule, dirisha, kisha ukuta, akaandika namba pembeni. Sikumpa kiti. Nilimuonyesha dari, vigae, mbao za milango, nikisimama mbele yake kila alipotaka kugeuka. Alisema vimewekwa vizuri. Nikangoja aseme "lakini." Hakusema, na hilo nalo likaniudhi.

Kisha akafunga daftari na kumgeukia mama, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa kochi, mikono mapajani, amekaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikajua anataka kumuuliza anapenda rangi gani. Hakumuuliza rangi.

Alimwambia kwa upole amsimulie siku yake, toka anapofungua macho mpaka anapolala: anaamkia wapi, anakanyaga wapi kwanza, anapita mlango gani. Alisema ndiyo swali lake la kwanza kwenye kila nyumba.

Mama aliniangalia. Akamwangalia dada yangu. Halafu akanyoosha mkono, sio kuelekea korido ya vyumba, bali nje, uani, kwenye kibanda cha jiko.

"Naamkia kule," alisema.

Nilidhani hakuelewa swali. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kimwera ndicho cha moyoni, nikaanza kumfasiria. Akanikatiza kwa Kiswahili hicho hicho, ili mgeni asikie.

"Nimeelewa, baba. Kule ndiko nalala. Toka tumehamia."

Ilikuwa miezi minane tangu tuhamie.

Mbunifu hakuniangalia, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo. Aliomba tu twende wote tukaone. Kwenye kibanda, nyuma ya magunia ya ufuta na mafiga, palikuwa na mkeka umekunjwa, godoro jembamba, mswala, kopo la kutawadhia na kanga zake tatu zimetundikwa kwenye kamba. Nimeingia kwenye kibanda hicho kila wikiendi kuchukua maji. Sikuwahi kutazama nyuma ya magunia.

Mama alieleza polepole, mbunifu akiandika kila neno. Kile choo. Hawezi kuswali na choo kiko nyuma ya ukuta wa kichwa chake, mlango unatazamana na mswala, harufu ipo au haipo. Maji yakidondoka anasikia. Tena chumba kile hakina njia: akitoka kwenda kutawadha uani lazima apite sebuleni, na kama mimi nina wageni wanaume anabaki ndani mpaka waondoke. Siku moja Alasiri ilimpita hivyo. Wageni walikuwa wangu, nakumbuka, tulikuwa tunazungumza mpira. Na wenzake kutoka Lionja wakija na mihogo wanaogopa kukanyaga vigae, wanaishia jikoni, kwa hiyo naye anaishia jikoni.

Nilihisi hasira inanipanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza sikujua niielekeze wapi. Kwa mbunifu? Alikuwa ameuliza tu. Kwa dada yangu? Alisema mara mbili. Kwa fundi? Fundi alinihoji nikamfokea.

"Lakini Jumamosi," nikasema. "Jumamosi mimi nakukuta chumbani. Kitanda kimetandikwa."

"Ukija wewe nalala chumbani," mama alisema. "Ukiondoka narudi huku. Ulikuwa umefurahi sana na kile chumba."

Dada yangu alitoka nje. Mimi nilibaki nimeshika gunia la ufuta.

Mbunifu alitupa ushauri wake, na ulikuwa mfupi kama alivyoahidi. Chumba kidogo cha nyuma, tulichokifanya stoo, ukuta wake mmoja unagusa uani na hauna bomba lolote. Kitobolewe mlango wa nje. Dirisha lishushwe kidogo ili akikaa chini aone jiko lake. Barazani nyuma pasakafiwe saruji ya kawaida, wenzake wakae bila kuvua viatu kwa woga. Masta nilale mimi nikija. Mlango na dirisha angevichora na kutupa vipimo. Kazi ingefanywa na fundi wetu yule yule. Kisha akatazama saa na kusema muda wake umekwisha, anasubiriwa kwingine. Alipofika mlangoni nilitaka kumuomba radhi kwa ile barua yangu. Kilichotoka ni kumuuliza kama ana maji ya kunywa njiani.

Alasiri ile mama hakusubiri mlango utobolewe. Nilikuwa sebuleni nilipomwona anatoka chumba kile kikubwa amebeba mto wake, mchana kweupe, Jumamosi, mimi nikiwepo. Alipita mbele yangu bila kugeuka, akaelekea uani. Nilikaa. Nikasikia anaongea Kimwera na dada yangu huko nje, na dada yangu akacheka.

Nikaingia chumbani, nikavua shuka niliyomnunulia, nikalikunja lile godoro nene na kulibeba kichwani mpaka kibandani. Mama alisogeza magunia ili nipate pa kuliweka.