Jibini Tatu za Hoteli ya Likoni

Miaka ile ya kuelekea uhuru nilikuwa mpishi msaidizi katika hoteli ndogo ya Mzungu, Likoni. Mpishi mkuu alikuwa mzee wa Jomvu Kuu aliyenifundisha kazi, nami nikimwita Ami. Ilivuma kwamba hoteli itauzwa, na kila mmoja wetu aliogopa kuwa wa kwanza kuachishwa.

Adhuhuri moja, wageni wakiwa mezani tayari, tulifungua friji iliyokuwa imezimika tangu jana yake. Jibini zote tatu zilikuwa na ukungu.

Ile ngumu ya manjano haikutusumbua. Ami aliikata mbali na doa, upana wa kidole gumba kila upande na kwenda chini, akichunga kisu kisiguse ukungu wenyewe. Ile yenye mishipa ya buluu tuliikagua kwa makini. Buluu ile ndiyo jibini yenyewe, imepandwa makusudi. Tulichotafuta ni rangi ngeni, nyeusi au ya waridi. Hatukuiona.

Ikabaki ile laini, nyeupe, yenye majimaji, iliyoletwa kwa treni kutoka bara. Ilikuwa na kidoa cha kijani, kidogo kama punje ya mtama. Ami akachukua kijiko, akakikwangua, akalainisha juu kwa kisu. Ikapendeza kama mpya. Akaiweka sahanini.

Nilipofanya kazi melini niliwahi kuambiwa kwamba ukungu una nyuzi kama mizizi. Kwenye jibini kavu haziendi mbali, lakini kwenye iliyo laini hupenya kote usikoona, na vijidudu vingine huja nazo. Lakini nitamwambiaje mtu aliyenishika mkono?

Nikaweka kiganja juu ya sahani.

"Ami, niwie radhi. Hii laini haiponi kwa kukatwa."

"Ile ngumu nimeikata mbele yako," akasema taratibu. "Ondoa mkono."

Nikamweleza kwa sauti ya chini, mkono ukiwa palepale. Mara memsahibu, mke wa yule Mzungu mwenye hoteli, akasimama mlangoni, akauliza jibini iko wapi. Ami akanitazama, akamtazama yeye. Nilijua neno moja tu la Ami lingenitoa kazini.

Akaivuta sahani kutoka chini ya kiganja changu, akaimwaga yote pipani.

"Laini imeharibika, memsahibu. Nimeitupa mimi. Ziko hizi mbili."

Memsahibu aliuma midomo, akasema tutazungumza baadaye, akatoka na sinia. Mazungumzo hayo hayakuja. Wageni walikula, wakaondoka wazima.

Ami hakunisemesha jioni ile wala kesho yake. Nilidhani nimemvunjia heshima kabisa. Siku ya tatu, mzigo wa bara ulipofika, aliufungua, akainusa jibini laini, kisha akaniita.

"Njoo uitazame nawe," akasema, akanisogezea.