Visanduku Arobaini na Kimoja

Pale Migori, kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, fomu haitoki kabla sijahesabu visanduku vyake mara mbili. Siku hiyo nilihesabu vya fomu ya mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya uuguzi katika chuo kimoja Homa Bay, na fomu ya kuikubali ilitakiwa kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi apewe mwingine. Visanduku arobaini na kimoja, vyote vimejaa. Nikaituma.

Karani wa chuo akapiga simu saa nane.

"Mmenitumia fomu tupu."

"Haiwezekani, madam. Nimehesabu."

"Ulihesabu nini? Hewa?"

Nikafungua kwenye kompyuta: imejaa. Nikaituma tena. "Bado tupu hapa kwenye simu yangu," akasema. Nikamwomba aongeze muda hadi kesho asubuhi. Akakataa. Nikashuka hadi saa kumi na moja. Akasema hapo si sokoni.

Mama alikuwa ananitazama. "Omera, ndugu yangu, unapatana bei na nafasi ya mtoto wangu?"

Nikamrushia mama fomu kwenye simu yake, nikaishika nione anachokiona karani. Kweli, tupu kabisa. Hata jina halipo. Mama akaipokonya simu, akabonyeza kisanduku cha kwanza kwa kidole kinachonuka omena. Jina la binti likajitokeza! Akabonyeza kando, likapotea. Akarudi, likarudi.

"Yuko," akasema. "Anajificha."

Hapo ndipo nikaelewa. Programu yangu ilihifadhi majibu ndani ya faili, lakini haikuyachora juu ya ukurasa. Kompyuta yangu ilikuwa inajichorea yenyewe kila nikifungua. Simu haikujisumbua: ilionyesha ukurasa ulivyo, na jibu lilitokea tu ukigusa kisanduku. Karani naye alikuwa anafungua kila kitu kwa simu, na hakuna karani atakayebonyeza visanduku arobaini na kimoja kumtafuta mtu.

Saa tisa na nusu. Kwenye kompyuta nikabonyeza kuchapisha, lakini badala ya printa nikachagua kuhifadhi kama PDF. Faili mpya haikuwa na visanduku vya kujaza tena. Maandishi yalikuwa yamegandishwa kwenye ukurasa kama wino. Nikataka kutuma.

"Ngoja," mama akasema. "Kwa simu yangu kwanza."

Akaifungua. Akahesabu kwa kidole, polepole, midomo ikitikisika, hadi arobaini na kimoja. Nikanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Bado," akasema, akarudi juu na kuanza upya. Nikaitazama saa ya ukutani, nikamwacha ahesabu.

Tukatuma zikibaki dakika tisa. Karani akaandika: "Sasa naona."

Mama akafunga pochi yake. "Ile ya kwanza silipi. Uliniuzia kitu hakionekani."

Nikamtoza fomu moja tu, bila kupatana.