Miti ya Mtani

Ukimuuliza mtu wa kisiwa chetu mikoko ya mdomo wa hori, ule mkono wa bahari ulioingia kisiwani, ni ya nani, atacheka kwanza. Kisha atakwambia ni ya Ansu Badji, fundi mitumbwi, Mjola aliyekuja kutoka kusini na nyundo moja na tumbo lisiloshiba. Asikudanganye. Ansu hakupanda hata mti mmoja. Aliyepanda ni Yande Thior, na mimi nikimtaja Yande huwa navua kofia, ijapokuwa mwenyewe akiniona hivyo hunisuta kwamba nataka kumwomba samaki.

Yande alikuwa mkaushaji samaki kwa moshi, mwenye tanuri kubwa upande wa mchanga, pale bahari inapotutazama uso kwa uso. Msimu wa chaza alikuwa pia mchumaji. Zamani wanawake wetu walichuma chaza kwa panga: unakata mzizi wa mkoko na chaza wake wote, unautupa mtumbwini, unakwenda zako. Kazi ya haraka, na kila aliyekwenda alirudi na kuni na kitoweo kwa safari moja. Ilipokuja miaka ya ukame, mto unaoingia horini ukakosa maji ya mvua, chumvi ikazidi, mikoko mingi ikafa imesimama. Iliyobaki tukaimaliza sisi wenyewe, maana hakuna kuni inayowaka kama mkoko na hakuna inayompa samaki rangi nzuri kama hiyo. Baada ya hapo chaza wakakosa pa kushika, hori likawa tope tupu, na wavuvi wakawa wanarudi na nyavu zilizooshwa vizuri.

Yande ndiye aliyesema tupande. Na la kwanza alikosea, tena alikosea mbele ya watu. Kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuo wa mchanga, aliwaongoza wanawake wakapanda huko huko, mistari mirefu ya zile mbegu ndefu zenye ncha, kila moja imesimama wima kwenye mchanga. Mawimbi ya wiki ile ile yakazing'oa zote. Zikaelea mbele ya nyumba yake mchana kutwa. Watu walimcheka hadi msikitini.

Mwingine angekaa ndani. Yeye alichukua mtumbwi akaenda kuangalia zilikokwenda kutua. Akazikuta ndani ya mdomo wa hori, kwenye tope laini ambalo maji hulifunika yakijaa na kuliacha yakipwa, mahali wimbi linapofika limekwisha choka. Nyingine zilikuwa zimelala ubavu na tayari zimeshusha mizizi. Akarudi kuwaita wenzake.

"Zimetuonyesha zenyewe zinapotaka kukaa," aliwaambia. "Twendeni."

"Lakini hori liko mbele ya mtaa wa akina Ndong," mmoja akasema. "Nyumba yako iko upande wa mchanga, dada. Huko utapata nini?"

"Nitapata chaza. Shika kikapu."

Alijua vizuri kuwa miti ile haingeikinga nyumba yake. Hilo naomba msomaji alishike.

Siku waliyokuwa wakipanda, Ansu alipita na mtumbwi aliokuwa akiujaribu. Sasa, sisi Waserere na Wajola ni watani tangu mababu. Mtani hakukasirikii, na wewe humkasirikii. Akikutukana unacheka, akikuomba unampa, na kumdhuru ni kujitafutia mkosi. Ansu akasimamisha kasia.

"Watumwa wangu mnapanda nini? Nimewaambia nataka mpunga, nyinyi mnanipandia vijiti?"

"Pita, mla wali wewe," Yande akamjibu bila kuinua kichwa, mikono imo topeni. "Tumbo lako litaimaliza hata hii."

"Basi nipe. Yote."

"Chukua. Yote yako. Ikikua uile na majani."

Wanawake walicheka. Hata shemeji yake, Waly Ndong, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa akitupa nyavu karibu, alicheka mpaka akakosa samaki. Ansu akaondoka akiimba kuwa amekuwa tajiri. Jambo likaishia hapo, au tulidhani hivyo.

Miaka ikaenda zaidi ya kumi. Mikoko ikapita kimo cha mtu, ikashusha mizizi yake iliyosimama kama magongo hadi ukawa huwezi kupenya bila kuinama. Tope likashikamana pale, maana mizizi hulizuia lisichukuliwe na maji. Yande akawafundisha wanawake kuchuma chaza kwa kisu kifupi, kumbandua mmoja mmoja na kuuacha mzizi mzima. Ni kazi inayokata viganja. Tanuri lake akalilisha maganda ya karanga yanayoletwa kwa boti kutoka bara. Samaki wake wakatoka weupe weupe, na wachuuzi sokoni wakamtania kwamba anauza samaki wagonjwa. Akavumilia.

Kisha ukaja mwaka wa mkizi. Sijaona wingi kama ule. Waly na wenzake walijaza mitumbwi mpaka ikakaribia kuzama, na samaki wakalundikana kwenye matanuri. Boti la maganda likaharibika huko bara, halikuja. Samaki hawangoji mtu. Siku ya pili harufu ilikuwa imeanza kugeuka, na wanaume wakashika mapanga wakaelekea hori. Waly hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye samaki wanaooza na watoto wa kulisha.

Yande aliwakuta wamekwisha kufika, akiwa na beseni lake kichwani.

"Shemeji, usitukwamishe," Waly akamwambia. "Tunakata nusu tu. Itaota tena."

"Ile ya kwanza iliota tena?"

"Ile ilikufa kwa ukame."

"Nusu ilikufa kwa ukame. Nusu tuliila, mimi na wewe." Akaingia majini, akachota beseni moja katikati ya mizizi, akaja kumwekea mbele. "Tazama. Hao ni nini?"

Waly akainama. Ndani ya beseni mlikuwa na visamaki vidogo kama punje za mtama, na kamba wachanga usioweza kuwaona mpaka waruke.

"Mkizi," akasema kwa sauti ndogo.

"Mkizi. Wanazaliwa huko baharini, wanakuja kujificha humu ambamo samaki mkubwa hapenyi, wanakula kinachooza kwenye majani, wakipata nguvu wanatoka. Hao wanaokuozea leo walikulia wapi, shemeji? Kwa mama yako?"

Watu wakaguna. Waly alijua ni kweli, lakini kweli haikaushi samaki. Akafuta panga kwenye kaptula yake.

"Mwaka huu nina samaki mkononi, wa mwaka wa kesho simjui. Hii miti ni ya kijiji."

"Si ya kijiji," Yande akasema. "Wala si yangu. Nilimpa Ansu Badji, na wewe ulikuwepo ukicheka."

Kila mtu alikumbuka. Na kila mtu alijua maana yake: kilichopewa mtani hakirudi, na hakuna Mserere atakayekinyang'anya kwa panga akalala salama. Mtu akatumwa mbio kumwita Ansu, naye akaja na tumbo mbele, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Nadhani Yande alikuwa amekwisha mpitia asubuhi, ila hajakiri hadi leo. Ansu aliingia topeni na kanzu yake, akakaa kitako mbele ya mti wa kwanza.

"Nani amewaruhusu watumwa kugusa mali yangu?"

"Ansu, ondoka," Waly akasema. "Leo si siku ya mzaha."

"Nikate mimi kwanza. Ila anza na tumbo, ndiko kuliko na kuni nyingi."

Mmoja akacheka, kisha wote. Waly alitamani sana kukasirika. Uso ulimjaa, mishipa ikamtoka, lakini kwa mtani utakasirika vipi? Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi: kadiri alivyofura ndivyo Ansu alivyojinyoosha topeni kwa raha. Mwisho Waly akatupa panga mtumbwini. Siku ile kijiji kizima, watoto kwa wazee, kilikaa kupasua mkizi na kuwatia chumvi. Wengine walioza, sitaficha. Waly alipata hasara na miezi kadhaa hakupita mbele ya nyumba ya shemeji yake.

Msimu wa mvua uliofuata, bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, na dhoruba vikakutana mchana mmoja. Upepo uliyasukuma maji juu ya maji. Upande wa mchanga bahari haikukutana na kitu. Ilikuja nzima, ikachimba ufuo chini ya kuta, na kuta zikafuata. Nyumba ya Yande ilianguka akiwa amesimama kando pamoja na watu waliokwisha hama, ameshika kisu chake cha chaza na godoro moja. Tanuri lilikwenda nalo, tofali kwa tofali.

Mtaa wa akina Ndong maji yaliingia pia, mtu asikwambie mikoko huzuia maji yasipande. Yalipanda hadi magotini. Lakini mawimbi yalivunjikia kwenye mizizi, safu moja baada ya nyingine, na yaliyofika uani yaliingia kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Sufuria zilielea. Hakuna ukuta ulioanguka, na maji yalipopwa ardhi ilikuwa pale pale.

Kesho yake Yande alikuwa ameketi juu ya godoro lake uani kwa jirani. Mimi nilimwona, na moyo uliniuma, kwani nilijua aliyekinga nyumba za wengine ndiye asiye na nyumba. Hakulia wala hakusema neno juu ya Waly. Waly mwenyewe alikuja, akasimama mbele yake.

Ansu, aliyekuwapo, ndiye aliyeanza kusema. "Waly, uwanja ulio nyuma ya nyumba yako ni wa nani?"

"Wangu."

"Na miti iliyoushikilia usiende baharini?"

Waly akatazama chini. "Yako."

"Basi mtani wako anaomba. Mpe mtumwa wangu uwanja."

"Nilikuwa nakuja kumpa," Waly akasema, akamgeukia Yande, machozi yakimlengalenga. "Shemeji, nisamehe. Ningekata, leo tusingekuwa na pa kukukaribisha."

"Nisaidie kubeba godoro," Yande akamjibu.

Wakamjengea, Waly akipanga matofali mwenyewe, pamoja na tanuri jipya. Nyumba ilipokwisha, Ansu akaja kudai kodi ya kuishi kwenye kivuli cha miti yake. Yande akamwekea beseni la chaza, limejaa hadi ukingoni. Ansu akakunja mikono ya kanzu akaanza kupekua, mmoja mmoja, akitafuta hata kipande cha mzizi ili amtoze faini ya wizi. Alipekua hadi chini kabisa. Hakupata hata kijiti.