Kanda za Patholojia za Mama Tulia

Njia ya kutoka Ibighi kwenda hospitali ya misheni hushuka kati ya migomba, huvuka kijito, kisha hupanda kilima chenye utelezi. Atupokile aliipita kila siku akiwa na waya mmoja sikioni na midomo ikicheza. Wanawake waliokwenda kisimani walimzoea. Mwanzoni walidhani anafanya mazoezi ya kwaya.

"Mama Tulia, leo unaimba sauti gani?" mmoja alimuuliza.

"Ini, dada. Leo naimba ini."

"Haya, imba vizuri. Sisi tunalipika, wewe unaliimba!"

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani mtu alivisikia tu kwa waliotoka Dar es Salaam. Walioweza kununua walinunua, na wengi walinunua mambo ya kujionyesha. Atupokile alinunua redio ndogo ya kaseti ya mtumba, ya kuvaa kiunoni, akaitumia kujifunza magonjwa. Alikuwa tabibu, mama wa watoto watatu, na alitaka kufanya mtihani wa kujiunga na kozi ya udaktari msaidizi. Hakuwa na saa ya kukaa mezani na kitabu. Alikuwa na njia ya kwenda kazini na njia ya kurudi, na alikuwa na zamu za usiku. Basi akaamua hizo ndizo zitakuwa darasa lake.

Kanda alizirekodi mwenyewe, kwa sauti yake, kwenye redio kubwa ya nyumbani. Hakusoma kitabu mfululizo kama mtu asomaye risala. Aliuliza swali, akanyamaza kwa muda wa kutosha mtu kujibu, kisha akatoa jibu. "Ni nini hutokea katika pafu mtu akiugua nimonia?" Kimya. Halafu jibu. Katika kile kimya yeye mwenyewe, akipanda kilima, alijibu kwa sauti kabla kanda haijamjibu. Akikosea alirudisha nyuma. Alijua kwamba anayesikiliza tu bila kujibu hupata usingizi, hapati elimu.

Zamu ya usiku ilikuwa na sheria yake. Sikio moja lilikuwa la kanda, sikio la pili la wodi. Mgonjwa akikohoa vibaya, akiita, au hata akigeuka kitandani kwa namna isiyo ya kawaida, kidole chake kilizima redio kabla hajasimama. Kama wodi ilikuwa na mgonjwa mahututi, redio haikutoka mfukoni kabisa. Hakuna aliyemwekea sheria hiyo. Alijiwekea, naye hakuivunja, na hilo peke yake lingetosha mtu kumheshimu.

Habari za kanda zilienea. Hezron, tabibu mwenzake wa hapohapo hospitalini, alikuwa na redio ya deki mbili, akanakili seti nzima. Kupitia kwake seti nyingine ikaenda kwa Vaileth wa zahanati ya Isongole, na nyingine kwa mzee Nsajigwa wa zahanati ya Suma, aliyekuwa na mvi lakini hajakata tamaa ya kusoma. Wote walikuwa wanajiandaa kwa mtihani uleule, na nafasi zilikuwa chache. Wapo waliomwambia Atupokile kwamba anawanoa washindani wake. Aliwajibu kwamba mgonjwa wa Suma hatauliza nani alimshinda nani.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya mtihani pale alipoletwa mgonjwa mwanamume, mchuma chai, mwenye kikohozi cha muda mrefu na pumzi fupi. Kifua upande mmoja kilikuwa kimejaa maji. Daktari akayatoa kwa sindano, chupa ikapelekwa kwa Ackson, fundi wa maabara. Walipokuwa wakisubiri, daktari akawauliza matabibu wake: maji yakiwa na protini nyingi, tufikirie nini?

Atupokile hakungoja. Jibu lilimtoka kama mtu anavyotaja jina la mwanawe.

"Hayo ni ya shinikizo, daktari. Tufikirie moyo kushindwa kusukuma damu."

Ackson alikuwa mlangoni na kibomba cha kioo mkononi. "Mama Tulia, hebu njoo uone."

Alikuwa ametia maji na asidi ya siki kidogo katika glasi. Akadondosha humo tone la maji ya kifuani. Tone halikuyeyuka. Lilishuka polepole hadi chini likivuta mkia mweupe, kama moshi wa sigara.

"Protini tele," Ackson alisema. "Moyo ukichoka, maji yanachujwa tu kwa shinikizo, yanakuwa mepesi, tone linapotea. Haya yamevuja kwa sababu ya mchochota, utando wa pafu umevimba kwa ugonjwa. Mimi hapa nafikiria kifua kikuu."

"Hapana, kaka. Ni kinyume. Ninayo masikioni."

"Masikioni kwa nani?"

Daktari alikwenda ofisini akarudi na kitabu, akakifungua mezani. Atupokile akasoma. Kulikuwa na jedwali la safu mbili: upande mmoja maji yanayochujwa kwa shinikizo, upande mwingine maji yanayovuja kwa mchochota. Ackson alikuwa sahihi. Mgonjwa akaandikiwa kupimwa makohozi, hakudhurika kwa lolote. Lakini Atupokile alibaki na kidole juu ya jedwali.

Alikumbuka jioni ile alipoirekodi kanda hiyo. Kitabu kilikuwa cha kuazima, kilitakiwa kurudi kesho yake. Umeme ulikuwa umekatika, anasoma kwa mshumaa, redio inakwenda kwa betri. Akiwa katikati ya jedwali, mtoto mdogo alilia. Akasimamisha kanda, akambembeleza, akarudi, na jicho likaangukia safu isiyo yake. Kuanzia pale kila alichosema cha safu hii alikipachika kwenye safu ile. Kisha akakisikiliza kilimani na wodini, tena na tena, akakijibu kwa sauti, na kila alipojibu kanda ikamwambia: vema. Kosa la kwenye karatasi jicho linaweza kulikuta siku nyingine. Kosa la kwenye kanda hujirudia kwa sauti ya mwalimu, na mwalimu alikuwa yeye.

Hezron alimfuata nje. Alikuwa amesikia yote.

"Dada Atu, usijitese. Mimi nimeshajua, wewe umeshajua. Inatosha."

"Na Vaileth? Na mzee wa Suma?"

"Si wana vitabu? Hata wakikosa swali moja, ni swali moja. Nafasi ni chache. Wewe hukuwatia hilo makusudi."

"Makusudi yanaanza leo," alisema. "Nikilala leo na najua, kuanzia kesho ni makusudi."

"Utapoteza siku za kusoma."

"Nitazipoteza."

Haya ndiyo yanayomfanya mtu astahili kuandikwa. Kila mmoja wetu hukosea. Wengi tukishajua kosa letu hulitafutia kivuli tukalilaza humo. Huyu alilitoa juani.

Jioni ile alianza na kanda yake mwenyewe. Aliyaandika maneno sahihi, akayasoma huku akiitazama saa ya ukutani, akakata hapa na kuongeza pale mpaka yakatoshea mahali pa yale ya zamani, maana yakizidi yatafuta swali linalofuata, na yakipungua mkia wa kosa utabaki. Akanunua betri mpya, kwa kuwa betri dhaifu huizungusha kanda polepole wakati wa kurekodi, na ukiipiga kwenye redio nzima sauti hukimbia kama ya ndege. Siku yake ya mapumziko akaifunga redio kubwa katika kanga, akapanda gari la viazi hadi Isongole.

Vaileth alicheka, kisha akaogopa, kisha akashukuru. Kazi ikaisha upesi. Suma ilikuwa habari nyingine. Alikwenda siku aliyokuwa ameitenga kwa kurudia magonjwa ya figo, na mvua ilimnyeshea njia nzima.

Mzee Nsajigwa alikuwa ameketi barazani pa zahanati, ametoka kumfunga mtu kidonda.

"Ugonile, tata," Atupokile alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama amwamkiavyo baba.

"Ndaga, mwanangu. Mvua yote hii umefuata nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimefuata kanda yangu. Ina uongo ndani."

Alimweleza. Uso wa mzee ulibadilika.

"Yaani mimi kila zamu nakaa na wewe sikioni, nakuitikia kama mtoto wa shule, na unanifundisha kinyume?"

"Ndiyo, tata. Hapo nilikufundisha kinyume."

"Na muuguzi wangu nimemfundisha hivyohivyo! Nikamkaripia alipobisha!" Alisimama, akaketi tena. "Angalau ungekaa kimya nisijue nilivyo mjinga."

"Mjinga ni aliyesoma kwenye kanda. Wewe ulimwamini tu."

Mzee aliingia ndani akaitoa kanda. Atupokile akaigeuza. Vile vijino viwili vya mgongoni vilikuwa vimevunjwa, ili wajukuu wasije wakarekodi nyimbo juu yake, na kanda iliyovunjwa vijino haikubali kurekodiwa.

"Una plasta, tata?"

"Hii ni zahanati, mama. Tukikosa plasta tutakuwa na nini?"

Akaziba tundu kwa kipande cha plasta, redio kubwa aliyokuja nayo ikakubali. Wakasubiri mvua ipungue juu ya bati, kisha Atupokile akasoma maneno sahihi. Walipoirudisha wakasikia kila kitu kimekaa mahali pake. Lakini Atupokile hakufunga redio.

"Kanda imepona. Wewe bado. Maji ya kifua yenye protini nyingi, tufikirie nini?"

"Moyo," mzee alisema papo hapo, kisha akajipiga paja. "Ah! Umenitia sumu wewe!"

"Tena."

Waliliuliza na kulijibu, yeye akiuliza kutoka mbele na kutoka nyuma, mpaka mzee akaacha kuharakisha. Kisha akamwita muuguzi wake, akasema mbele yake kwamba siku ile alipobisha, yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alilisema kwa shida, akiangalia pembeni, lakini alilisema. Gari la kurudi Tukuyu lilikuwa limeshaondoka. Atupokile akalala kwa mke wa mzee, na figo hazikusomwa siku ile wala siku iliyofuata.

Matokeo yalipobandikwa, Nsajigwa alikuwemo. Hezron alikuwemo. Atupokile hakuwemo, ilimbidi angoje mwaka mwingine, na mwaka huo mwingine aliitwa chuoni. Wapo waliosema hayo ndiyo malipo ya kuhangaikia watu. Mimi sisemi wema hulipwa nafasi ya chuo. Nasema tu kwamba katika wilaya nzima hakukuwa na mtu aliyeingia kwenye chumba cha mtihani na uongo wake.

Hezron alikuja kumuaga nyumbani, begi begani, macho yakitazama miguu yake.

"Dada Atu, huko kozini watatumaliza kwa kusoma. Nilikuwa naomba, kama utapata nafasi... unirekodie nyingine. Ukipenda."

Atupokile akavuta kigoda.

"Kaa. Kitabu kimo kwenye begi? Kitoe. Mimi nasoma, wewe unafuatilia kila mstari kwa kidole. Nikiruka hata neno, unanisimamisha."