Chupa ya Mia na Arobaini na Nne

Duka langu kijijini Mapera lilikuwa dogo, ila kwa chupa nilikuwa mkali kama simba mwenye watoto. Nilikuwa na kreti sita za mbao, kila moja ya chupa ishirini na nne. Katika daftari soda ilikuwa na safu yake, chupa tupu safu yake, kreti safu yake. Asiyeleta chupa tupu aliweka rehani, nami nikamwandika. Akirudisha, namrudishia senti zake. Zilizojaa, tupu na zilizo nje, ukijumlisha, lazima zifike mia na arobaini na nne.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa aolewe mara baada ya Pasaka, nami nilijigamba kwa wakwe kwamba soda ni juu yangu. Kumbe Jumamosi Kuu parokia nzima ilibeba maji ya baraka kwa chupa zangu! Jumatatu rafu zilikuwa nyeupe. Rehani zao ninazo, sawa, lakini wakala wa Songea hakutaka senti, alitaka chupa. Kreti ya tupu kwa kreti ya soda, basi.

Nikanunua vibuyu sokoni, nikapita nyumba kwa nyumba na daftari. Maji ya baraka hayamwagwi, kwa hiyo tuliyahamishia kwenye vibuyu taratibu, tukifanya ishara ya msalaba. Wengine walininunia, lakini walitoa.

Siku ya lori la wakala nikahesabu: mia na arobaini na tatu. Na kwenye daftari hakuna tena chupa iliyo nje.

"Dada, kreti yenye pengo sipokei," dereva akasema. "Nitakuachia tano."

Kreti tano, na wakwe wameshahesabiwa! Damu ikanipanda. Mama yangu ndiye aliyenishikia duka Ijumaa Kuu. Nikamgeukia mbele za watu.

"Mama, chupa umempa nani bila rehani?"

Mama alijifunga khanga vizuri, akaingia chumbani kwangu, akatoka na chupa imejaa maji. Ilikuwa nyuma ya mlango wangu. Niliichukua mwenyewe Jumamosi Kuu nikienda kanisani, wala sikujiandika, kwa sababu nani angemdai mwenye duka? Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Kibuyu hakikubaki hata kimoja, na dereva alikuwa ameshawasha injini. Nikapiga magoti mbele ya mama, nikamwomba radhi. Aliniacha hapo muda mrefu kidogo kuliko nilivyotarajia, kisha akaning'olea kizibo na kunishikisha chupa.

"Yanywe yote," alisema. "Anza kwa kuosha huo ulimi."